Bipa Mara Moja

Saa nne ya asubuhi, siku ya Jumatatu, Délice Ndayisenga alifungua daftari la wagonjwa la kliniki ya macho ya Nuru ya Ziwa, akahesabu majina, akahesabu tena, kisha akageuza ukurasa kuona kama mengine yameandikwa nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu. Majina yalikuwa matatu.

"Papa Gracien, hii ndiyo yote?" alimuuliza muuguzi wa mapokezi.

"Ndiyo yote, dada. Na ule wa tatu ni shangazi yangu. Minye mwenyewe ndiye nilimuleta."

Délice alikaa chini. Wiki nzima alikuwa amejipa moyo kwamba Gracien anaandika majina mahali pengine, mtu mpole kama yeye na makaratasi yake mengi. Kumbe hakukuwa na mahali pengine.

Daktari mpasuaji kutoka Bukavu alikuwa aje Uvira Jumatatu ya wiki ijayo, akae siku tatu, awapasue bure watu thelathini wenye mtoto wa jicho. Sharti lake lilikuwa moja tu: orodha ya watu thelathini imfikie Jumatano kabla ya saa sita mchana. Isipomfikia, angepeleka lenzi na vifaa vyake kwenye mji mwingine uliokuwa ukimbembeleza tangu mwaka jana. Watu thelathini wangebaki gizani, si kwa sababu dawa imekosekana, bali kwa sababu karatasi imekosekana.

Na karatasi hiyo ilikuwa juu ya Délice. Kazi yake pale kliniki ilikuwa kuandika: matangazo, vibao, ujumbe wa WhatsApp, barua za kuwashukuru wafadhili. Tangazo la upasuaji alikuwa ameliandika yeye, na alijivunia. Lilikuwa na rangi tatu na picha ya jicho. Nakala mia mbili zilikuwa zimepelekwa kila upande, kuanzia bandarini Kalundu hadi vijiji vya bonde la Ruzizi. Kwenye Facebook watu mia sita na kumi na mbili walikuwa wamelisambaza. Wengi waliandika chini yake "Amina". Wengine waliandika "Mungu awabariki". Mmoja alituma maua. Mji mzima ulikuwa umesifu tangazo, ukapita.

"Haiwezekani," alisema, akalishika tangazo ukutani na kulisoma kama mtu aliyeshuka kwenye pikipiki dakika ile, ana mama kipofu nyumbani na hana muda.

Lilimwambia apige simu, na namba zilikuwa tatu, kila moja ya mtandao wake. Au atoe jina kwa kiongozi wa kanisa lake. Au kwa chef wa avenue, mkubwa wa mtaa wake. Au afike ofisi ya shirika la wavuvi Kalundu. Au asikilize redio Alhamisi jioni. Au atembelee ukurasa wa kliniki. Na kwa maelezo zaidi, afike kliniki. Délice alisoma hadi mwisho na akili yake mwenyewe ikachoka. Alikumbuka vizuri jinsi kila mstari ulivyoingia. Kulikuwa na kikao. Kila mshirika aliyechangia alitaka awe mlango wa kuingilia, na wewe unamfutaje mtu wa heshima aliyekaa mbele yako na soda mkononi? Wakamwongeza mmoja, wakamwongeza mwingine, wakapiga makofi.

Alichukua simu akaanza kuipigia milango hiyo mmoja baada ya mwingine.

Chef wa avenue alikuwa na majina tisa. Aliyaweka salama. Alikuwa anangoja kliniki imletee fomu.

Ernestine, katibu wa shirika la wavuvi, alikuwa na saba. "Iko ndani ya kabati," alisema bila wasiwasi. "Lakini mwenye funguo alienda muji ya Baraka. Atarudia Ijumaa."

Mtangazaji wa redio alifurahi sana kusikia sauti yake. Watu kumi na wawili walikuwa wamepiga simu Alhamisi, naye akayasoma majina yao yote hewani, pamoja na salamu kwa familia zao. Kuyaandika? Hapana, nani alimwambia ayaandike?

Délice aliweka simu mezani taratibu. Mshtuko wake haukuwa tena wa kukosa watu. Watu walikuwapo. Walitii. Kila mmoja alifanya hasa alichoambiwa, akarudi nyumbani akiamini amekwisha kuandikwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameandikwa.

Aliingia kwa Firmin, msimamizi wa kliniki, bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Tunaandika tangazo upya," alisema. "Leo hii. Na linamwomba muntu jambo moja tu."

Firmin alivua miwani. Alikuwa mtu mwema mwenye woga wa kukosana na watu, na woga huo ndio ulioendesha kliniki. "Moja? Na washirika? Chef atasema nini? Mapadre watasema nini? Délice, weye unataka tufukuze watu."

"Majina yao yatabaki, Papa Firmin. Chini kabisa, tuwashukuru wote. Lakini hawatakuwa milango. Mlango utakuwa mmoja."

"Upi?"

Hapo alikwama. Kupiga simu? Nusu ya mji haikuwa na salio. Kuandika ujumbe? Walioandikiwa walikuwa wazee wasioona, na wengi wa wake zao hawakujua kusoma. Kufika kliniki? Mtu wa Kiringye, kule bondeni, atalipa pikipiki njia yote hiyo kuja kuuliza tu? Firmin alianza kuvaa miwani yake, kama mtu ambaye shida imepita.

Nje, simu ya Gracien ililia mara moja, ikanyamaza. Gracien hakuinuka wala hakuitazama. "Bibi yangu," alisema kwa sauti, akimaanisha mke wake. "Anabipa. Chakula iko tayari."

Délice aligeuka akamtazama Gracien kupitia mlango ulio wazi. Watu wa Uvira wanabipa tangu simu zilipoingia. Unapiga, inalia mara moja, unakata, na mwenzako anajua kwamba unamtafuta. Haigharimu kitu. Haihitaji shule. Mtandao wowote unafika. Mtoto anabipa, bibi anabipa, mchumba anabipa mpaka anachosha. Na yeye, mwenye diploma ya mawasiliano, alikuwa amewapa watu hawa ukurasa wa Facebook.

Aliandika palepale, kwenye meza ya Firmin, huku amesimama.

"Mama yako, baba yako ao jirani yako haoni tena vizuri?" Ndivyo lilivyoanza, kwa maana aliyekusudiwa sasa hakuwa kipofu, bali mwenye simu anayekaa naye. Chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zote: "Bipa namba hii mara moja." Ikafuata namba, moja tu. Kisha: "Tutakupigia leo, kwa salio letu. Upasuaji wa mtoto wa jicho ni bure. Nafasi ni 30. Mwisho ni Jumatano saa nne asubuhi." Basi. Washirika aliwapanga chini kabisa kwa herufi ndogo, wote na vyeo vyao, pamoja na shukrani.

Firmin alisoma mara mbili. "Ni fupi sana," alisema kwa huzuni. "Watafikiri hatuko serious."

"Tulikuwa serious wiki mbili, papa. Tulipata shangazi ya Gracien."

Alilifuta lile la kwanza kwenye Facebook na kutuma jipya kwenye makundi yote ya WhatsApp aliyoyajua: ya parokia, ya wauza samaki wa Kalundu, ya wenye pikipiki, ya wazazi wa shule. Aliwapigia chef, mtangazaji na Ernestine, akawaomba wawatafute wale waliotoa majina na kuwaambia wabipe. Kisha akaiweka simu ya kliniki katikati ya meza ya mapokezi, wakakaa kuitazama, yeye na Gracien, kama watu wanaongoja maziwa yachemke.

Baada ya dakika nne ililia. Gracien, kwa mazoea ya miaka kumi na tano, akaipokea. "Allô, kliniki, bonjour."

Upande wa pili kulikuwa na mtu aliyejiona ameibiwa. "Mumesema nibipe," sauti ya mwanamke ilisema. "Sasa weye unapokea, salio inaisha, unakula unités zangu." Akakata.

Délice alimnyang'anya simu. Alimpigia yule mwanamke, akaomba radhi, akamuuliza: ni nani haoni? Tangu lini? Mwanga anauona, anajua dirisha liko wapi? Jina, miaka, mtaa. Lilikuwa jina la nne. Alikuwa bado analiandika wakati simu ilipolia tena, ikakata, ikalia, ikakata. Kufikia saa saba mchana ilikuwa inalia bila kupumzika, na Gracien alikuwa ameikalia mikono yake asije akapokea.

Walibipa watu mia moja na arobaini na moja. Délice aliona namba hiyo kwenye simu Jumatano asubuhi. Wengine walibipa kuona kama ni kweli. Mmoja alitaka kujua kama wanapasua hata jino. Lakini ahadi ilikuwa "tutakupigia leo", hivyo kila mmoja alipigiwa siku ileile aliyobipa, kwa mpangilio wa kubipa, bila kumruka mtu. Saa tano na robo orodha ya thelathini wa kwanza waliofaa iliondoka kwenda Bukavu. Saa tano na nusu daktari alijibu kwamba anakuja. Firmin alimkumbatia Gracien. Délice alicheka na kulia kwa pamoja, na hakuona aibu.

Jambo moja lilibaki kwenye kona ya akili yake. Jumatatu ile, katika kuwatafuta waliotoa majina, alikuwa amempigia pia Jean-Berchmans, katekista wa Kiringye, kijijini kwao Délice. Simu haikupatikana. Alijaribu tena Jumanne, haikupatikana. Alisema atajaribu jioni, na jioni simu ya kliniki ilikuwa inalia, akasahau. Ukweli ndio huo. Hakuzuiwa na mtu, alisahau tu.

Jumatatu ya upasuaji walioitwa siku ya kwanza walifika mapema, kumi, kila mmoja na mtu wa kumshika. Daktari alianza saa mbili. Aliyetoka kwanza alikuwa mvuvi wa Kalundu mwenye bandeji kwenye jicho moja, aliyekuwa akiuliza kila aliyepita kama kweli kazi imekwisha kwa nusu saa.

Saa tatu lori la kubeba mpunga lilisimama mbele ya geti. Watu wakaanza kushushwa kutoka juu ya magunia, taratibu, kama mayai. Walikuwa wazee. Mlinzi aliwafungulia kwa heshima, wakaingia kwa mstari, kila mmoja ameweka mkono kwenye bega la aliye mbele yake. Mbele alikuwa Jean-Berchmans mwenyewe, mwenye suti ya Jumapili na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Bonjour, dada Délice," alisema kwa fahari. "Nimewaleta bote. Kumi na bane. Hakuna mwenye alibakia."

Délice aliipokea karatasi. Ilikuwa tangazo lake la rangi tatu, na nyuma yake, kwa mwandiko mzuri wa shule ya kanisa, majina kumi na manne na namba pembeni.

"Katekista, orodha ilifungwa Jumatano," alisema. "Nilikupigia."

"Simu yangu iliingia maji, iko kwa mufundi mpaka leo. Lakini tangazo ilisema watoe majina kwa kiongozi wa kanisa. Walitoa. Iko hapa." Alimwonyesha mstari kwa kidole, mtu asiyeelewa tatizo liko wapi. "Tarehe ya upasuaji nayo iko hapa. Ndiyo leo."

Ilikuwa kweli. Yote yalikuwa yameandikwa pale, naye ndiye aliyeyaandika. Alishusha macho kwenye majina apate pa kuyaweka. La tano lilikuwa Itangishaka, mzee aliyewahi kuwafundisha wanakijiji kulima mpunga. La nane lilikuwa la jirani yao. La tisa lilikuwa Consolate Ndayisenga.

Alilisoma jina la mama yake, akalisoma tena, kama alivyokuwa amelihesabu daftari.

Alimkuta katikati ya mstari, nyuma ya jirani yao Capitoline, mkono begani. Alikuwa amevaa kitenge kipya cha bluu na uso umeinuliwa kidogo, kwa namna ya mtu anayesikiliza. Wanaongea kila Jumapili kwa simu. Kila Jumapili mama yake anauliza habari za kazi, anamtania ataolewa lini na ule mji wake, anamwombea, anakata. Kwenye simu macho hayaonekani. Na Pasaka, alipokwenda nyumbani, mama yake hakuinuka kwenye kiti siku nzima, akasema ni miguu, naye akamletea pomadi ya miguu. Pomadi.

"Maman," alisema.

Uso ukageuka, ukamtafuta, ukapita. "Délice wangu. Nilijua utakuwa hapa."

"Tangu lini? Kwa nini hukuniambia?"

"Ni pole pole, mwanangu, haikuwa siku moja. Na ningekuambia, ungeacha kazi urudi kunipikia." Aliongea kwa upole, bila kulalamika. "Halafu padri akasoma tangazo yako kwa misa. Yote. Ilikuwa ndefu, lakini muzuri. Nikamuambia Capitoline, basi minye nitapita kwa njia ile mwanangu aliandika, kama bengine. Nilishaandikwa. Ni wa tisa."

Daktari alitoka kunawa mikono akaelezwa. Alitazama mstari uliokuwa umeegemea ukuta, akafikiri. Lenzi za akiba zilikuwa tano. Angeanza saa moja mapema siku zote mbili zilizobaki, awapime, na wanaofaa awapasue, watano, si zaidi. Wengine wangengoja safari yake ya pili, baada ya miezi minne.

Firmin alimvuta Délice pembeni. "Muweke maman kwa wale watano," alinong'ona. "Nani atauliza? Weye ndiye unaandika orodha."

Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Alitamani kuandika, asiseme mtu hakutamani. Aliandika kichwa cha ukurasa, akaandika namba moja.

"Nani wa kwanza kwa karatasi ya katekista?" mama yake aliuliza kutoka ukutani. Masikio yake yalikuwa yamekuwa makali. "Aanze wa kwanza, Délice. Mpaka wa tano ni mzee Itangishaka, na yeye hata mulango haoni tena. Minye bado naona dirisha. Ningetaka kupita kwa mulango wako, ningekupigia."

Wazee walikuwa wamesikia hesabu, na kila mmoja alijua namba yake.

Délice aliandika majina matano ya kwanza. Kisha akafungua ukurasa mwingine, akaandika juu yake safari ya pili, na kuanzia wa sita hadi wa kumi na nne akawaandika kwa mpangilio uleule, kabla ya mtu mwingine yeyote. Alipofika kwa wa tisa jina likapinda. Akamrudishia Jean-Berchmans karatasi yake, kisha akaomba aichukue tena, akaipasua na rangi zake tatu, na hapo ndipo alipolia.

Watano walipelekwa ndani kupimwa. Tisa walibaki uani, wamesafiri njia nzima, wamevaa vizuri, hawajui kama wakae au waondoke. Dereva wa lori alipiga honi. Gracien alisema watakula kwanza. Firmin alisema pengine wapande lori, pengine wangoje kivuli kipatikane, pengine wapumzike kanisani. Kila mmoja alisema lake, na wazee waligeuza nyuso kufuata kila sauti.

"Sasa minye nifanye nini?" Consolate aliuliza.

Délice alipangusa uso kwa kiganja, akasogea mbele ya wenzake.

"Shika mkono wangu, maman."

Consolate akaunyoosha mkono. Aliunyoosha kushoto, kwenye nguzo ya baraza, ambako Délice hakuwapo. Délice akahama, akasimama pale mkono ulipokuwa.